Dadu Moja, Namba Mbili: 3.5 na 35/12

Dadu ya kawaida ni mchemraba wenye pande sita zilizotiwa nukta kuanzia 1 hadi 6, na pande zinazoelekeana hujumlika kuwa 7: 1 iko mkabala na 6, 2 na 5, 3 na 4. Dadu huitwa ya haki pale ambapo hakuna upande wenye nafasi kubwa kuliko mwingine wa kubaki juu inapotulia. Kwa kuwa haina budi kutulia kwa upande mmojawapo, nafasi zote sita zikijumlishwa hupata 1, na zikiwa sawa kila moja ni 1/6. Orodha inayotaja kila jibu linaloweza kutokea pamoja na nafasi yake huitwa mgawanyo wa uwezekano. Wa dadu ya haki ni mfupi kabisa:

```
x      1    2    3    4    5    6
P(x)  1/6  1/6  1/6  1/6  1/6  1/6
```

Yote yanayoweza kusemwa kuhusu mrusho mmoja yamo ndani ya mistari hii miwili. Hakuna haja ya kurusha chochote wala kukusanya takwimu. Kinachotakiwa ni kuuliza maswali mawili na kuyajibu kwa hesabu ya sehemu. La kwanza ni: majibu ya dadu yamekaa kuzunguka namba gani? La pili: yametawanyika umbali gani kutoka kwenye namba hiyo?

Swali la kwanza lilianza kama swali la fedha. Mwaka 1657 Christiaan Huygens, mwanahisabati wa Uholanzi, alichapisha kijitabu kuhusu hesabu za michezo ya bahati, na alichotaka kujua ni bei ya halali ya nafasi ya kushinda. Alionyesha kwamba mtu mwenye nafasi sawa ya kupata kiasi fulani au kiasi kingine ana kitu chenye thamani ya nusu ya jumla ya viasi hivyo viwili. Nafasi zikiwa nyingi, kanuni ni ileile: kila malipo huzidishwa kwa uwezekano wake, kisha matokeo yote hujumlishwa. Jibu lake leo huitwa thamani tarajiwa, au wastani wa mgawanyo, na huandikwa E(X).

Tuseme kuna mchezo unaolipa shilingi 1,000 kwa kila nukta inayotokea juu. Anayepata 1 analipwa 1,000, anayepata 6 analipwa 6,000. Ada ya kuingia iwe kiasi gani ili asiwepo anayemnyonya mwenzake? Hesabu kwa nukta ni hii:

```
E(X) = 1×1/6 + 2×1/6 + 3×1/6 + 4×1/6 + 5×1/6 + 6×1/6
     = 21/6
     = 3.5
```

Ada ya halali ni shilingi 3,500. Mwenye mchezo akitoza 4,000, atakuwa anachukua shilingi 500 katika kila mrusho, kwa kuhesabu mirusho mingi. Katika mrusho mmoja hali ni nyingine kabisa, maana mchezaji yule anaweza kuondoka na 6,000 mkononi.

Jibu la 3.5 lingeweza kupatikana bila kujumlisha. Pande zinazoelekeana zinajumlika kuwa 7, na katika kila jozi pande mbili zina uwezekano sawa, kwa hiyo wastani wa kila jozi ni nusu ya 7. Jozi zote tatu zikiwa na wastani wa 3.5, dadu nzima haiwezi kuwa na wastani mwingine. Mtu akiwaza ubao mrefu wenye alama 1 hadi 6, na jiwe la uzito uleule juu ya kila alama, 3.5 ndiyo sehemu pekee ambapo ubao ukiegemezwa utalala sawa. Kutoka hapo jambo moja la kuangalia linaonekana mapema: mawe ya 3 na 4 yakipunguzwa kwa kiasi kilekile na uzito huo ukagawanywa sawasawa kwa 1 na 6, ubao utaendelea kulala sawa. Wastani hautashtuka. Udhaifu huu una madhara makubwa, kama itakavyoonekana mbele.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuichukua 3.5 kama jibu ambalo dadu inaelekea kulitoa. Haielekei, hakuna upande wenye nukta tatu na nusu, na uwezekano wa kupata 3.5 ni sifuri. Tena 3 na 4, ambazo ni jirani zake, hazina nafasi kubwa kuliko 1 na 6. Wastani unataja mahali pa kuegemea, na hausemi lolote kuhusu umbali wa majibu kutoka hapo.

Kwa swali la pili, hatua ya kwanza ni kupima umbali wa kila jibu kutoka 3.5. Umbali huo, ukiwa na alama yake ya hasi au chanya, huitwa mkengeuko. Mikengeuko ya dadu ni −2.5, −1.5, −0.5, 0.5, 1.5 na 2.5. Ikijumlishwa jinsi ilivyo inafutana na kuacha sifuri, na haina budi iwe hivyo, kwa sababu wastani ndio namba inayosawazisha pande mbili. Lazima basi alama za hasi ziondolewe kwa njia fulani. Njia iliyozoeleka ni kukipigia kila kimoja mraba, yaani kukizidisha kwa chenyewe, kisha kuchukua wastani wa miraba hiyo kwa kutumia uwezekano uleule wa 1/6. Namba inayopatikana huitwa variansi, jina lililoingizwa katika takwimu na Mwingereza Ronald Fisher mwaka 1918.

```
Var(X) = (6.25 + 2.25 + 0.25 + 0.25 + 2.25 + 6.25) × 1/6
       = 17.5/6
       = 35/12
       ≈ 2.917
```

Ipo njia ya mkato, na ndiyo wengi wanayoitumia kwa sababu haihitaji kutoa 3.5 mara sita. Inatafutwa kwanza thamani tarajiwa ya mraba wa jibu, kisha unatolewa mraba wa thamani tarajiwa:

```
E(X²)  = (1 + 4 + 9 + 16 + 25 + 36)/6 = 91/6
Var(X) = 91/6 − (7/2)² = 182/12 − 147/12 = 35/12
```

Njia hizi mbili lazima zikubaliane, na zisipokubaliana kuna kosa. Mara nyingi kosa liko kwenye kuchanganya mraba wa wastani na wastani wa miraba. Mraba wa wastani ni 12.25, wastani wa miraba ni karibu 15.17. Pengo kati yao ndilo variansi yenyewe, na kamwe haliwezi kuwa hasi. Anayepata jibu hasi amegeuza mpangilio wa kutoa. Ni vizuri pia kubaki na sehemu mpaka mwisho: anayekadiria 91/6 kuwa 15.2 atapata variansi ya 2.95, ambayo si mbali na ukweli lakini haitaafikiana na ile ya njia ya kwanza.

Variansi hupimwa kwa miraba, kwa hiyo kwa dadu kipimo chake ni nukta kwa nukta, na kwa mchezo wa shilingi ni shilingi kwa shilingi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika. Ili kurudi kwenye nukta za kawaida huchukuliwa kipeuo cha pili, na jibu huitwa mkengeuko sanifu. Kipeuo cha pili cha 35/12 ni karibu 1.71. Mchezaji wa mchezo wa shilingi 1,000 kwa nukta ana thamani tarajiwa ya 3,500 na mkengeuko sanifu wa takriban 1,710.

Kuna mtego mmoja ambao huwapata hata wanaojua hesabu vizuri, nao umejificha ndani ya kompyuta. Programu ya Excel ina kanuni mbili za variansi zinazofanana kwa sura. Zikilishwa namba za dadu, hutoa majibu mawili tofauti:

```
=VAR.P(1,2,3,4,5,6)    2.916667
=VAR.S(1,2,3,4,5,6)    3.5
```

Kanuni ya kwanza inagawa 17.5 kwa 6, ya pili inagawa kwa 5. Kugawa kwa pungufu ya moja kuna sababu yake njema: mtu anapokuwa na sampuli tu ya vipimo na hajui wastani wa kweli, hulazimika kuukadiria kutoka kwenye sampuli ileile, na makadirio hayo huifanya mitawanyiko ionekane midogo kuliko ilivyo. Kugawa kwa namba ndogo zaidi hurekebisha kasoro hiyo. Lakini hapa hakuna sampuli. Namba 1 hadi 6 ni majibu yote yaliyopo, kila moja na uwezekano unaojulikana, na wastani wa 3.5 umetokana na mgawanyo wenyewe. Hakuna kilichokadiriwa, hivyo hakuna cha kurekebisha. Kibaya zaidi, jibu lenye kosa ni 3.5, sawa kabisa na wastani. Ni sadfa tupu, lakini imewafanya wanafunzi wengi waamini kwamba wamebonyeza kitufe cha wastani, au kwamba wastani na variansi ya dadu ni kitu kimoja.

Msomaji makini anaweza kuuliza kwa nini itumike miraba, wakati ingetosha kufuta alama za hasi na kuchukua wastani wa umbali wenyewe. Kwa dadu moja hesabu hiyo ni nyepesi: 2.5, 1.5 na 0.5, kila moja mara mbili, jumla 9, gawa kwa 6, jibu 1.5. Kipimo hicho ni halali na kinaeleweka haraka kuliko variansi. Tatizo linatokea dadu ya pili inapoingia. Dadu mbili zikirushwa pamoja, jumla yake ina wastani wa 7, na mtu akipitia majibu yote 36 atakuta wastani wa umbali kutoka 7 ni 70/36, yaani karibu 1.94. Namba hiyo haipatikani kwa kuongeza 1.5 na 1.5, wala kwa njia nyingine rahisi. Variansi ya jumla hiyo, kwa majibu yaleyale 36, ni 210/36, ambayo ni 35/6: mara mbili kamili ya 35/12. Ilimradi dadu haziathiriani, variansi zake hujumlishwa moja kwa moja, ziwe dadu mbili au elfu ishirini. Sifa hii ndiyo iliyoipa variansi nafasi yake, na ndiyo inayoruhusu namba ya mrusho mmoja itumike kuihukumu dadu iliyorushwa mara nyingi.

Elfu ishirini haikutajwa ovyo. Katika karne ya 19 Rudolf Wolf, mnajimu wa Uswisi aliyefanya kazi Zurich na kujulikana zaidi kwa kuhesabu madoa ya jua, alirusha dadu kwa subira isiyo ya kawaida na kuandika kila jibu. Moja ya dadu zake, nyeupe, ilirushwa mara 20,000. Hesabu aliyoiacha ni hii:

```
upande    1     2     3     4     5     6
mara    3246  3449  2897  2841  3635  3932
```

Dadu ya haki ingetoa kila upande karibu mara 3,333. Kwa kutazama tu, 6 imezidi na 4 imepungua, lakini macho si kipimo. Bahati nayo hupandisha na kushusha. Hapo ndipo 3.5 na 35/12 zinapofanya kazi. Kila idadi ikigawanywa kwa 20,000 na kuwekwa mahali pa 1/6 katika kanuni ileile ya awali, wastani wa dadu ya Wolf unakuwa 3.5983. Umezidi 3.5 kwa 0.0983, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nukta.

Je, hiyo ni nyingi? Variansi za mirusho 20,000 zinajumlishwa, na wastani ni jumla iliyogawanywa kwa 20,000. Hesabu ikifuatwa hadi mwisho, mkengeuko sanifu wa wastani huo ni 1.708 ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20,000, ambacho ni karibu 141.4. Jibu ni 0.0121. Dadu ya haki iliyorushwa mara nyingi hivyo ingekuwa na wastani unaoyumba kwa kiasi cha 0.0121 hivi kuzunguka 3.5, na kupita maradufu ya hapo kungekuwa jambo la nadra. Dadu ya Wolf imepita zaidi ya mara nane. Bahati haifiki huko. Dadu ilikuwa na kasoro.

Mwanafizikia wa Marekani Edwin Jaynes, aliyeichambua takwimu hii karne moja baadaye, alieleza kasoro hiyo kwa namna ambayo fundi yeyote angeielewa. Nukta za dadu huchongwa kama vishimo. Upande wa 6 umechimbwa vishimo sita na upande wa 1 unaouelekea umechimbwa kimoja, hivyo upande wa 6 ni mwepesi kidogo na huelekea kubaki juu. Vivyo hivyo 5 dhidi ya 2, kwa kiasi kidogo zaidi. Ndiyo maana dadu za kasino hujazwa vishimo vyake kwa rangi yenye uzito sawa na kilichotolewa.

Vishimo vinaeleza kwa nini wastani ulipanda, lakini kuna jambo lingine kwenye hesabu ya Wolf ambalo haviwezi kulieleza. Pande za 3 na 4 zimepungua zote mbili. Zikijumlishwa zimetokea mara 5,738, wakati kila jozi ilistahili karibu 6,667; jozi nyingine mbili zimepita mara 7,000. Wastani, kama ule ubao, haulioni pengo hili hata kidogo, kwa sababu 3 na 4 ziko umbali sawa kutoka 3.5, moja kushoto na nyingine kulia. Variansi inaliona. Ikihesabiwa kwa njia ya mkato, E(X²) ya dadu hii ni 16.0499, mraba wa wastani ni karibu 12.948, na tofauti yake ni 3.10. Dadu ya haki ina 2.92. Majibu yamesukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, na maelezo ya Jaynes ni ya umbo: mchemraba haukuwa kamili, ulikuwa mrefu kidogo kutoka upande wa 3 hadi wa 4. Kipande kirefu kikirushwa hupenda kulala kwa ubavu, na mara chache husimama kwa ncha.

Wadanganyifu wa kamari wamelijua hili kwa muda mrefu bila kuhitaji variansi. Dadu ikisuguliwa kidogo kwenye pande za 1 na 6, umbali kati yake unakuwa mfupi na pande hizo mbili hutokea mara nyingi zaidi. Mfano uliotiwa chumvi: 1 na 6 zipewe uwezekano wa 1/4 kila moja, na nyingine nne 1/8 kila moja. Wastani unabaki 3.5 barabara, na mtu anayekagua wastani peke yake ataipitisha dadu hiyo hata baada ya mirusho milioni. Variansi yake ni 3.75, na itamfichua mwenye dadu mapema sana.

Je, dadu yenye wastani wa 3.5 na variansi ya 35/12 ni ya haki kwa hakika? Hapana, na kupata mfano wa kukanusha si kazi ngumu. Mgawanyo una namba sita, na masharti yaliyowekwa ni matatu tu: jumla iwe 1, wastani uwe 3.5, variansi iwe 35/12. Nafasi ya kuchezea inabaki kubwa. Dadu ifuatayo inatimiza yote matatu:

```
x       1     2     3     4     5     6
P(x)   5/24  1/24  6/24  6/24  1/24  5/24
```

Uwezekano unajumlika kuwa 24/24. Wastani ni 3.5 kwa sababu jozi zote zimesawazishwa. Variansi ni mara mbili ya jumla ya 5×6.25, 1×2.25 na 6×0.25, ikigawanywa kwa 24. Jumla hiyo ni 35, na 70/24 ni 35/12 bila tofauti hata ya desimali moja. Hata hivyo katika mirusho 240 dadu hii ingetoa 3 karibu mara 60 na 2 karibu mara 10. Dadu kama hiyo hukamatwa kwa kurudi kwenye idadi ya kila upande na kuzilinganisha zote sita kwa pamoja na zile zilizotarajiwa, na kipimo rasmi cha kufanya hivyo, kiitwacho khi mraba, kilitolewa na Karl Pearson mwaka 1900. Miongoni mwa takwimu alizozitumia kukionyesha ilikuwemo mirusho 26,306 ya dadu kumi na mbili iliyokusanywa na mwenzake, Raphael Weldon, na dadu hizo pia zilionekana kupendelea 5 na 6.